Sekta zinazotangulia katika kila awamu ya mzunguko wa uchumi, na kwa nini jedwali peke yake halitoshi

Tarehe 9 Machi 2009 fahirisi ya S&P 500 ya Marekani ilifunga siku ikiwa 676. Watu walikuwa wakipoteza kazi kwa mamia ya maelfu kila mwezi, na hisa za mabenki ndizo zilizoogopwa kuliko zote. Mdororo wenyewe ulikoma Juni mwaka huohuo, lakini NBER, taasisi ambayo kamati yake hupanga tarehe rasmi za midororo ya Marekani, ilitangaza jambo hilo tarehe 20 Septemba 2010. Siku ya tangazo fahirisi ilikuwa takriban 1,140. Aliyengoja uhakika alikuwa ameachwa nyuma kwa karibu asilimia 69, na hisa za sekta ya fedha zilikuwa zimeshapanda zaidi ya mara mbili ndani ya miezi sita tu baada ya ile siku ya Machi.

Tatizo lote la kuhama kutoka sekta moja kwenda nyingine kufuata mzunguko wa uchumi limo ndani ya tarehe hizo. Jedwali la sekta zinazotangulia si siri. Limechapishwa kwa miongo mingi na kila dalali analo. Jedwali litakwambia kwamba mabenki na wauza bidhaa za hiari, kama magari na samani, hutangulia uchumi unapoinuka. Halikwambii uchumi umeanza kuinuka lini, na soko huanza kusogea miezi kadhaa kabla ya takwimu kuonyesha chochote. Kwa hiyo nitalieleza jedwali kwa kuanzia sababu zake, kwa kuwa anayejua sababu anaweza kutambua pale ambapo jedwali halifanyi kazi. Mifano ni ya Marekani kwa sababu takwimu za sekta za huko ni ndefu na zimepangwa vizuri.

Faida hupanda na kushuka kuliko mauzo

Sababu ya kwanza, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote, iko kwenye muundo wa gharama. Chukua kampuni ya kutengeneza magari yenye mauzo ya 100. Gharama zisizobadilika, yaani kiwanda, mitambo, na mishahara ya wahandisi, ni 60. Gharama zinazopanda na kushuka pamoja na mauzo, kama chuma na vipuri, ni 30. Faida inabaki 10.

Mauzo yakipanda kwa asilimia 10, yanakuwa 110. Chuma na vipuri vinakuwa 33, kiwanda kinabaki 60, na faida inakuwa 17. Mauzo yamepanda kwa asilimia 10, faida imepanda kwa asilimia 70. Yakishuka kwa asilimia 10, hesabu ni 90 toa 27 toa 60, na faida inabaki 3. Imeporomoka kwa asilimia 70.

Linganisha na kampuni ya sabuni na dawa ya meno. Mauzo ni 100, gharama zisizobadilika 20, zinazobadilika 60, faida 20. Kwanza, mauzo yake hayayumbi kwa asilimia 10, maana watu hupiga mswaki hata uchumi ukiwa mbaya. Tuseme yanashuka kwa asilimia 2: 98 toa 58.8 toa 20, faida ni 19.2. Imepungua kwa asilimia 4 tu.

Hapo ndipo penye mgawanyiko mkubwa kati ya sekta zinazofuata mawimbi ya uchumi na sekta za kujihami. Magari, ujenzi, mitambo, chuma na chipu za kompyuta ziko upande wa kwanza. Chakula, sabuni, dawa, umeme na maji ziko upande wa pili. Mwekezaji anayetarajia mauzo kuongezeka hulipia upande wa kwanza. Anayeogopa yatapungua hukimbilia wa pili. Huhitaji nadharia zaidi ya hapo ili kueleza sehemu kubwa ya jedwali.

Riba hugusa kila sekta mahali tofauti

Sababu ya pili ni riba, na inafanya kazi kwa njia mbili zisizofanana.

Njia ya kwanza ni mkopo wenyewe. Nyumba na gari hununuliwa kwa mkopo, kwa hiyo benki kuu inapopunguza riba, wajenzi wa nyumba na wauza magari ndio wa kwanza kuona wateja wanarudi. Mabenki hufaidika kwa namna yao: hukopa kwa muda mfupi kutoka kwa wenye akiba na kukopesha kwa muda mrefu. Riba ya muda mfupi ikishuka huku ya miaka 10 ikibaki juu, pengo hilo ndilo pato lao. Wakati huohuo hofu ya mikopo mibaya inaanza kupungua, na benki ambayo bei yake ilikuwa imepangwa kana kwamba itafilisika inapanda kwa kasi kubwa inapoonekana haitafilisika.

Njia ya pili ni thamani ya fedha zitakazokuja baadaye. Hisa za kampuni za umeme na za majengo ya kupangisha hushikwa kwa ajili ya gawio, kwa hiyo hushindana na hati fungani. Hesabu rahisi ya thamani yake ni hii:

```
bei = gawio / (r - g)
```

ambapo `r` ni faida anayoitaka mwekezaji kwa mwaka na `g` ni kasi ya gawio kukua. Gawio likiwa 5, `r` asilimia 8 na `g` asilimia 3, bei ni 5 gawanya kwa 0.05, yaani 100. Riba ikipanda na mwekezaji akataka asilimia 9, bei inakuwa 5 gawanya kwa 0.06, yaani 83.3. Hakuna nyumba iliyopoteza umeme wala mpangaji aliyehama, lakini hisa imeshuka kwa karibu asilimia 17.

Ndiyo maana usiseme "huduma za umma ni salama" ukaishia hapo. Ni salama dhidi ya mauzo kupungua. Si salama dhidi ya riba kupanda. Mdororo unaokuja na riba zinazoshuka huzipa nguvu mara mbili. Kupoa kwa uchumi kunakokuja na riba zinazopanda huzivuta pande mbili, na anayefuata jedwali kwa upofu hushangaa.

Jedwali

Awamu ni nne. Urefu wake haulingani hata kidogo: awamu ya kuinuka huwa fupi, mara nyingi mwaka mmoja hivi, ya katikati huchukua miaka kadhaa, na mdororo kwa kawaida hauzidi mwaka mmoja na nusu. Ule wa 2020 ulidumu miezi miwili tu, Februari hadi Aprili.

| Awamu | Hali ya uchumi | Sekta zinazoelekea kutangulia | Sekta zinazoelekea kubaki nyuma | Kinachozisukuma |
|---|---|---|---|---|
| Kuinuka | Takwimu bado mbaya lakini hazizidi kuharibika, riba ya benki kuu iko chini | Fedha, bidhaa za hiari (magari, maduka ya nguo na samani, wajenzi wa nyumba), majengo na ardhi, usafirishaji | Huduma za umma, afya, nishati | Mikopo nafuu, mauzo yanayorudi juu ya gharama zisizobadilika, hofu inayopungua |
| Katikati | Ukuaji mpana, ajira zinaongezeka, riba inaanza kupanda polepole | Teknolojia ya habari (chipu, programu), mawasiliano, mitambo | Huduma za umma, malighafi | Kampuni zinatumia faida yao kununua vifaa na mifumo |
| Mwishoni | Viwanda vimefikia uwezo wake, mishahara na bei zinapanda, riba iko juu | Nishati, malighafi, kisha bidhaa za lazima na afya | Bidhaa za hiari, teknolojia | Mfumuko wa bei huwapa faida wauza mafuta na madini, huwabana wanaoyanunua |
| Mdororo | Mauzo na ajira vinashuka, mikopo inakauka, riba inaanza kupunguzwa | Bidhaa za lazima, afya, huduma za umma | Fedha, majengo na ardhi, mitambo, teknolojia | Mauzo yasiyoyumba na gawio la uhakika |

Neno "zinazoelekea" limewekwa kwa makusudi. Awamu ya kuinuka na mdororo ndizo ambazo jedwali lina nguvu zaidi, kwa sababu mauzo yanabadilika kwa kishindo na sekta zinatofautiana sana. Awamu ya katikati ndiyo dhaifu. Karibu kila sekta inafanya vizuri kiasi, na tofauti kati yao hutokana na mambo ya sekta yenyewe kuliko mzunguko wa uchumi. Nisingehamisha fedha nyingi kwa sababu tu jedwali linasema tuko katikati.

Miaka kadhaa imefuata jedwali vizuri. Mwaka 2000, miezi kabla ya mdororo ulioanza Machi 2001, huduma za umma ndani ya S&P 500 zilipanda kwa zaidi ya asilimia 50 huku teknolojia ikipoteza takriban asilimia 40. Mwaka 2008 fahirisi ilishuka kwa asilimia 37 pamoja na gawio. Fedha zilishuka kwa takriban 55, bidhaa za lazima kwa takriban 15. Angalia hiyo 15. Sekta iliyotangulia bado ilipoteza. Kutangulia maana yake ni kulizidi soko, na sekta inaweza kulizidi soko huku ikila fedha zako. Mwaka 2022 nishati ilipanda kwa takriban asilimia 65 wakati fahirisi nzima ikishuka kwa 18. Benki kuu ya Marekani ilikuwa imepandisha riba kutoka karibu sifuri hadi juu ya asilimia 4 ndani ya miezi tisa, na mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.1 mwezi Juni.

Kutambua awamu: kipimo kimoja, maswali mawili

Wanaoanza hukusanya vipimo thelathini na kuchanganyikiwa. Vinne vinatosha, na kimoja kati yake ndicho cha msingi.

Hicho cha msingi ni fahirisi ya mameneja manunuzi wa viwandani, ile ya taasisi ya ISM kwa Marekani, inayotolewa siku ya kwanza ya kazi ya kila mwezi. Mameneja huulizwa kama hali imekuwa bora, ileile, au mbaya kuliko mwezi uliopita. Zaidi ya 50 ni upanuzi, chini ya 50 ni kusinyaa. Uzuri wake ni kwamba inatoka mapema na hairekebishwi sana baadaye, tofauti na pato la taifa linalobadilishwa tena na tena. Ndani yake kuna kipengele cha oda mpya, ambacho huwahi kugeuka kuliko fahirisi yenyewe.

Uliza maswali mawili: iko juu au chini ya 50, na inapanda au inashuka? Majibu yanatoa awamu nne moja kwa moja. Chini ya 50 na inapanda ni kuinuka. Juu ya 50 na inapanda ni katikati. Juu ya 50 na inashuka ni mwishoni. Chini ya 50 na inashuka ni mdororo. Tumia wastani wa miezi mitatu ili mwezi mmoja wa ajabu usikuzungushe, na usibadilishe awamu mpaka mwelekeo mpya uwe umeonekana miezi miwili mfululizo. Bila masharti hayo mawili utahama mara sita kwa mwaka na kulipa ada kila safari.

Sehemu ambayo wengi huishindwa ni ile ya chini ya 50 na inapanda. Namba kama 43 baada ya 39 inasomeka vibaya, na magazeti huandika kwamba viwanda bado vinasinyaa. Ni kweli, lakini vinasinyaa polepole zaidi, na soko hulipia mabadiliko hayo. Wastani wa miezi mitatu ukishageuka juu kutoka shimoni, hapo ndipo safu ya kwanza ya jedwali inapoanza kulipa, na hapo ndipo roho ya mtu inapokataa.

Vipimo vitatu vya kusaidia vinapatikana bure kwenye hifadhi ya takwimu ya FRED. Cha kwanza ni tofauti ya riba kati ya hati fungani za serikali za miaka 10 na za miezi 3, `T10Y3M`. Ikiwa chini ya sifuri, soko linatarajia riba kushuka, na kwa kawaida hilo huja na mdororo. Cha pili ni riba ya ziada ambayo kampuni dhaifu hulipa juu ya serikali, `BAMLH0A0HYM2`. Ilivuka pointi 20 za asilimia mwishoni mwa 2008. Cha tatu ni maombi mapya ya fidia ya ukosefu wa ajira kwa wiki, `ICSA`; yalivuka 600,000 mwanzoni mwa 2009. Kwa hicho cha tatu tumia wastani wa wiki nne.

Soko lenyewe lithibitishe

Vipimo vya uchumi vinasema kinachopaswa kutokea. Uwiano wa bei unasema kinachotokea. Gawanya bei ya mfuko wa sekta kwa bei ya mfuko wa soko zima, kila Ijumaa, na uchore mstari. Kwa mifuko ya sekta za S&P 500 inayouzwa sokoni kama hisa, hesabu ni kama hizi:

```
XLF / SPY    fedha dhidi ya soko
XLE / SPY    nishati dhidi ya soko
XLY / XLP    bidhaa za hiari dhidi ya za lazima
```

Mstari ukipanda, sekta inalizidi soko, hata kama zote mbili zinashuka. Weka juu yake wastani wa wiki 40. Sekta ambayo jedwali linaipendekeza lakini uwiano wake uko chini ya wastani unaoshuka, iache. Ama umekosea awamu, ama sekta hiyo ina jambo lake ambalo jedwali halilijui.

Uwiano wa tatu ndio ninaouamini kuliko mingine kama kipimo cha hofu. Unalinganisha watu kununua gari na watu kununua sabuni, kwa hiyo ndani yake kuna karibu kila kitu nilichoeleza kuhusu gharama na riba. Una kasoro moja. Fahirisi hizi hupimwa kwa ukubwa wa kampuni, na kampuni mbili, Amazon na Tesla, zimekuwa zikibeba sehemu kubwa ya upande wa bidhaa za hiari. Mstari unaweza kupanda kwa sababu ya kampuni moja tu. Ukitilia shaka, rudia hesabu kwa mifuko inayozipa kampuni zote uzito sawa.

Mwaka ambao jedwali liliumiza

Mwisho wa 2022 unafaa kuchunguzwa kwa karibu, kwa sababu mtu aliyefuata taratibu alionekana yuko sahihi kabisa.

Fahirisi ya ISM ilishuka chini ya 50 mwezi Novemba 2022, ikawa 49.0, mara ya kwanza tangu Mei 2020, na ilikuwa ikiteremka. Chini ya 50 na inashuka: mdororo. Riba ya miezi 3 ilikuwa juu ya ile ya miaka 10. Mdororo tena. Wachumi wengi walikuwa wakiutabiri kwa 2023. Safu ya nne ya jedwali ilikuwa inaita: huduma za umma, afya, bidhaa za lazima.

Tuseme mwekezaji mwenye mfuko wa S&P 500 anaegemea upande huo mwanzoni mwa Januari 2023. Anaongeza pointi 5 za uzito kwa kila moja ya sekta hizo tatu, jumla 15, na kuzitoa kwenye teknolojia, mawasiliano na bidhaa za hiari, pointi 5 kila moja. Matokeo ya mwaka 2023, gawio likiwemo, yalikuwa takriban haya: huduma za umma zilipoteza asilimia 7.1, afya ilipata 2.1, bidhaa za lazima 0.5. Teknolojia ilipata 57.8, mawasiliano 55.8, bidhaa za hiari 42.4.

Jumla ya alizoziongeza ni hasi 4.5. Jumla ya alizozipunguza ni 156. Tofauti ni hasi 160.5, na kila sekta ilihusu asilimia 5 ya fedha zake, kwa hiyo ameachwa nyuma kwa pointi 8. Soko lilimpa kila mtu 26.3; yeye alipata 18.3. Na aliyeuza kila kitu akagawanya fedha zake sawasawa kwenye zile tatu za kujihami alimaliza mwaka amepoteza takriban asilimia 1.5.

Mdororo haukuja. Viwanda vilisinyaa kweli, ISM ilibaki chini ya 50 mpaka Machi 2024, lakini viwanda ni sehemu ndogo ya uchumi wa Marekani ukilinganisha na huduma, na huduma ziliendelea kukua. Riba kubwa, ambayo jedwali linasema huumiza teknolojia, haikuziumiza sana kampuni kubwa zenye akiba nyingi ya fedha taslimu na madeni ya riba ndogo isiyobadilika. Huduma za umma zilipigwa na hesabu ile ya `r`. Kisha ikaja shauku ya akili bandia, ambayo haina safu kwenye jedwali lolote.

Je, kulikuwa na dalili? Zilikuwepo, na hili ndilo la kukumbuka. Vipimo viwili kati ya vinne vilikuwa vinakataa. Riba ya ziada ya kampuni dhaifu haikuwahi kufika hata theluthi ya kile kilele cha 2008, na ilikuwa ikishuka. Maombi ya fidia ya ajira yalibaki chini ya 300,000 kwa wiki mwaka mzima. ISM na tofauti ya riba vilisema mdororo. Mikopo na ajira vilisema hapana. Kwa hali kama hiyo ya mbili kwa mbili, egemea nusu tu ya kiasi chako cha kawaida. Nusu ingegharimu pointi 4 badala ya 8.

Soko nalo lilisema mapema. Januari pekee bidhaa za hiari zilipanda kwa takriban asilimia 15 na S&P 500 kwa zaidi kidogo ya 6, huku sekta zote tatu za kujihami zikishuka. Ilipofika mwisho wa Machi, teknolojia ilikuwa imepata takriban 21.8, mawasiliano 20.5, bidhaa za hiari 16.1, upande wa pili bidhaa za lazima 0.8, afya hasi 4.3, huduma za umma hasi 3.2. Ukifanya hesabu ileile, hasara hadi hapo ni pointi 3.3. Mtu mwenye sharti la kufunga egemeo ambalo limekuwa nyuma ya soko kwa robo mwaka nzima angetoka hapo, na kuokoa karibu pointi 5 zilizobaki.

Kiasi, gharama, na mitego mingine

Egemeo la pointi 3 hadi 5 kwa sekta linaonekana dogo, lakini ndilo linalolingana na nguvu halisi ya mbinu hii. Watafiti Jacobsen, Stangl na Visaltanachoti walipima miaka ya 1948 hadi 2007 kwa kumpa mwekezaji wa kufikirika ujuzi kamili wa awamu, bila kukosea hata moja. Alilizidi soko kwa asilimia 2.3 kwa mwaka, hapo ndipo juu kabisa. Walipoweka gharama za kununua na kuuza, na makosa ya kawaida ya tarehe, faida hiyo ilipungua haraka. Mimi nalisoma hilo kama kipimo cha ukubwa: egemea, usihame nyumba. Na kama kuuza kunakuletea kodi ya faida, elekeza fedha mpya na gawio kwenye sekta unayoitaka badala ya kuuza uliyonayo.

Mtego wa pili ni bei kwa faida. Hisa ya kampuni ya chuma kileleni mwa uchumi inaweza kuwa na bei 100 na faida 10, yaani bei ni mara 10 ya faida, na inaonekana rahisi. Shimoni, bei ni 50 na faida 1, yaani mara 50, na inaonekana ghali. Ukweli ni kinyume: ile ya kwanza faida yake iko karibu kuporomoka, ya pili iko karibu kurudi. Kwa sekta za mawimbi gawanya bei kwa wastani wa faida wa miaka 7 hadi 10, au tumia thamani ya vitabu, yaani mali za kampuni toa madeni yake. Kwa bidhaa za lazima hesabu ya kawaida inatosha.

Mtego wa tatu ni majina. Septemba 2018 sekta ya simu ilipanuliwa na kuwa mawasiliano, wakaingizwa wamiliki wa Google na Facebook pamoja na Netflix. Kampuni za simu zilizokuwa za kujihami sasa zimefunikwa na biashara ya matangazo, ambayo hupunguzwa mapema sana kampuni zinapobana matumizi. Machi 2023 Visa na Mastercard zilihamishwa kutoka teknolojia kwenda fedha. Hazikopeshi mtu, kwa hiyo pengo la riba linalowainua mabenki haliwagusi kwa namna ileile. Chati ya zamani ya "simu" au ya "fedha" iliyounganishwa na ya leo inalinganisha vitu viwili. Kabla ya kununua mfuko wa sekta, fungua orodha yake na usome kampuni kumi za kwanza na uzito wake, kisha jiulize kuhusu kila moja: mauzo yake yakishuka kwa asilimia 10, faida inabaki ngapi?